Mistari Tisa ya Penseli

Mama aliyenifundisha kazi ya ukaguzi hakuwa na haraka na karatasi. Akiletewa taarifa ya benki ya mwombaji mkopo aliitandaza mezani, akachonga penseli, akaandika tarakimu 1 hadi 9 kwenye ukingo wa daftari, kila moja na mstari wake. Kisha akaanza kushuka na safu ya fedha zilizoingia. 47,000: kijiti kwenye mstari wa nne. 182,500: kijiti kwenye mstari wa kwanza. 1,300,000: wa kwanza tena. Elfu au milioni hakujali. Alitazama tarakimu ya kwanza kutoka kushoto, akapiga kijiti, akaendelea. Kila kijiti cha tano alikilaza juu ya wenzake wanne, kama afanyavyo karani anayehesabu magunia yanayopakiwa.

Siku ya kwanza nilimwuliza, "Mama, si tungejumlisha tu tuone kama salio linakubali?"

"Tutajumlisha, mwanangu," alisema bila kuinua kichwa. "Lakini hata mghushi anajua kujumlisha. Hiki ninachohesabu hapa hakijui."

Kazi yenyewe ilimchukua kama nusu saa. Alipomaliza, daftari lilikuwa na picha ambayo sijaisahau: mstari wa kwanza umekwenda mbali hadi karibu na ukingo wa pili wa karatasi, wa pili umeishia katikati, wa tatu mfupi zaidi, na kadhalika mpaka wa tisa, wenye vijiti vichache tu. Ilikuwa kama ngazi inayoshuka kutoka darini. Aliitazama kidogo, akasema, "Hii imezaliwa," akaiweka upande wa faili za kawaida. Neno lake kwa taarifa ya namna nyingine lilikuwa "imetungwa", na hilo hakulitamka mpaka awe na ushahidi mwingine mkononi.

Ngazi hiyo ina vipimo vyake. Katika fedha zinazotokana na shughuli halisi za aina nyingi, tarakimu 1 huongoza karibu asilimia 30.1 ya viasi vyote vilivyoandikwa. 2 huongoza asilimia 17.6, 3 asilimia 12.5, 4 asilimia 9.7, 5 asilimia 7.9, 6 asilimia 6.7, 7 asilimia 5.8, 8 asilimia 5.1, na 9 asilimia 4.6 tu. Asiyeijua kanuni hii huamini kwamba tarakimu tisa zina haki sawa, kila moja fungu lake la asilimia 11 hivi. Imani hiyo ndiyo inayomponza mtu anayetunga hesabu, kwa sababu hujitahidi kuzichanganya tarakimu zake zionekane zimetawanyika, na kule kuzitawanya kwa usawa ndiko kunakomwacha uchi.

Sababu yake inaeleweka bila hesabu nzito. Chukua akiba ya shilingi milioni 1 inayokua kwa asilimia 10 kwa mwaka. Ili ifike milioni 2 ni lazima iongezeke mara mbili, na safari hiyo huchukua miaka 7 na kidogo. Muda wote huo, ukiangalia salio siku yoyote, utaikuta 1 mbele. Lakini ikishafika milioni 9, haihitaji kuongezeka mara mbili ili iiache 9. Inahitaji theluthi ya theluthi tu ya kile ilicho nacho, na mwaka mmoja na mwezi mmoja hivi unatosha. Halafu inaingia milioni 10, na 1 inarudi mbele kwa miaka mingine 7. Kutoka milioni 1 hadi 10 ni miaka 24 na kidogo, na miaka 7 na robo katika hiyo 24 ni asilimia 30 ileile. Kitu chochote kinachokua kwa kuzidisha hukaa sana kwenye tarakimu ndogo na kupita upesi kwenye kubwa. Mauzo nayo ni kuzidisha: bei mara idadi, na bei yenyewe ni gharama mara faida. Hesabu za biashara zimejaa kuzidisha, ndiyo maana ngazi hujitokeza bila mtu kuipanga.

Wa kwanza kuiweka kwenye maandishi ni mwanaastronomia wa Marekani, Simon Newcomb, mwaka 1881. Zama hizo watu walizidisha namba ndefu kwa vitabu vya logi, na Newcomb aliona kurasa za mwanzo, za namba zinazoanza na 1, zimechakaa kwa vidole vya watu kuliko za mwisho. Maelezo yake ya kurasa mbili hayakumgusa mtu. Mwaka 1938 mwanafizikia Frank Benford, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya General Electric, alikusanya namba 20,229 kutoka majedwali 20 yasiyohusiana, ya maeneo ya mito, idadi ya watu, namba zilizotajwa magazetini na mengineyo, akaikuta ngazi ileile. Kanuni ikabaki na jina lake. Kwenye meza za wakaguzi iliingia baadaye sana, hasa baada ya Mark Nigrini kuandika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1992 katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, akiitumia kuchungua hesabu za kodi. Ni yeye pia aliyetuachia mfano ambao mwalimu wangu aliukariri kama wengine wanavyokariri mashairi.

Mfano huo ni wa Arizona. Mwezi Oktoba 1992, meneja mmoja katika ofisi ya Mweka Hazina wa jimbo hilo aliandika hundi 23 kwa mlipwaji ambaye hakuwepo. Jumla yake ilikuwa dola 1,878,687.58. Mwaka uliofuata alitiwa hatiani kwa jaribio la kulitapeli jimbo karibu dola milioni 2. Alijitetea kwamba alitaka kuonyesha mfumo mpya wa kompyuta hauna kinga. Hundi hizo hazikugunduliwa kwa kanuni ya Benford, na hilo ni vizuri lisemwe. Nigrini alizichambua baadaye ili kufundishia. Lakini tazama zinavyosema.

Mbili za kwanza ni za tarehe 9 Oktoba: 1,927.48 na 27,902.31. Huyu ni mtu anayepima kina cha maji kwa fimbo. Maji yakamkubali. Tarehe 14 akaandika nne: 86,241.90, 72,117.46, 81,321.75 na 97,473.96. Tarehe 19 akaandika 17 kwa mkupuo, na zote ziko kati ya dola elfu 71 na elfu 97. Inaelekea alihofia kwamba hundi ya dola laki moja ingeitiwa macho mengine, kwa hiyo alijibana chini ya dari hilo, lakini tamaa ikamsukuma akae karibu nalo kadiri alivyoweza.

Sasa piga vijiti. 1 ina kijiti kimoja. 2 kimoja. 3, 4, 5 na 6 hazina kitu. 7 ina vitatu, 8 ina tisa, 9 ina tisa. Hundi 21 kati ya 23 zinaanza na 7, 8 au 9, wakati ngazi ya kawaida ingezipa tarakimu hizo tatu kwa pamoja hundi tatu au nne. Ngazi imesimamishwa kichwa chini miguu juu.

Kinachonivutia zaidi ni juhudi aliyoiweka kuzifanya hundi hizo zifanane na za kweli. Hakuna hata moja ya duara, kama 90,000 kamili. Hakuna kiasi kilichorudiwa. Kila hundi ina senti zake, za kuokotaokota, kana kwamba ankara halisi ilizidishwa na kodi ikaongezwa. Mtu huyu alifikiri. Hata hivyo mkono una mazoea ambayo kichwa hakiyaoni. Tarakimu mbili za mwanzo 87 zimetokea mara mbili, 88 mara mbili, 93 mara mbili, 96 mara mbili. Upande wa senti, .16 imerudi, .67 imerudi, .83 imerudi. Alikuwa akikimbia marudio mchana kweupe huku akiyarudia bila kujua. Mwalimu wangu alikuwa akifika hapo ananyamaza kidogo, nami nadhani nilielewa: alikuwa akiheshimu ushahidi ambao mtu hujitolea mwenyewe bila kuulizwa.

Mfano wa Arizona ni mzuri kwa darasa kwa sababu unapiga kelele. Taarifa za benki zinazofika mezani kwetu hunong'ona. Hapo ndipo ufundi ulipo, na sehemu kubwa ya ufundi huo hufanyika kabla ya kijiti cha kwanza kupigwa.

Taarifa ya benki ni mchanganyiko. Ndani yake mna mauzo, mshahara, uhamisho kutoka akaunti moja ya mtu huyohuyo kwenda nyingine, makato ya benki, tozo, na fedha zilizotolewa kwenye mashine. Ukivihesabu vyote pamoja utapata upuuzi. Makato hurudi kwa kiasi kilekile kila mara, kwa hiyo yataijaza tarakimu moja kwa nguvu ya bandia. Mashine hutoa noti nzima, na ina kikomo cha siku, kwa hiyo watu wengi huishia kwenye viasi vichache vilevile. Mshahara wa mtu ni ule ule miezi yote. Mwalimu wangu alipita na rula na kalamu nyekundu, akavuka mstari mmoja mmoja: hiki nje, hiki nje, hiki kinabaki. Alibakiza fedha zilizotokana na shughuli yenyewe, akatenganisha zilizoingia na zilizotoka, na zikibaki chini ya mia moja hivi aliiweka penseli chini. Katika vijiti 40, bahati peke yake inaweza kuvunja ngazi au kuijenga.

Halafu aliuliza swali ambalo, kwa maoni yangu, ni zito kuliko hesabu yote: biashara hii inapaswa kuzaa tarakimu za namna gani? Mwenye bodaboda tatu hupokea hesabu ya siku kutoka kwa madereva wake, na hesabu hiyo imekubaliwa, haibadiliki. Taarifa yake itakuwa na tarakimu moja au mbili kuanzia juu hadi chini, na ni taarifa ya kweli kabisa. Mwenye nyumba za kupanga vivyo hivyo. Anayeuza kitu kimoja kwa bei moja pia. Kanuni inataka fedha zenye masafa marefu, kutoka elfu chache hadi milioni, zisizofungwa na sakafu wala dari, wala bei iliyopangwa na mtu. Mahali ambapo masharti hayo hayapo, kuvunjika kwa ngazi hakumaanishi chochote, na mkaguzi anayelazimisha atamdhulumu mtu.

Duka la vifaa vya ujenzi, kwa upande mwingine, ni shamba zuri sana. Huyu kanunua nusu kilo ya misumari, yule kachukua mifuko 40 ya saruji, mwingine bati za nyumba nzima. Basi nitatoa mfano wa duka la namna hiyo. Nimeutunga mwenyewe, kwa sababu taarifa za wateja hazitoki nje ya ofisi, lakini umbo lake ni la kesi tunazokutana nazo.

Mwenye duka anaomba mkopo katika Saccos, ameambatisha taarifa ya miezi sita aliyoichapa mwenyewe. Wateja wake hulipa kwa lipa namba, kwa hiyo kila mauzo huingia peke yake. Tukishaondoa makato na uhamisho wake binafsi, yanabaki mapato 200. Siku hizi vijiti hupigwa na lahajedwali. Kiasi kikiwa safu ya C, na tarakimu 1 hadi 9 zikiwa safu ya E:

```
D2: =VALUE(LEFT(ABS(C2),1))
F2: =COUNTIF($D$2:$D$201,E2)
G2: =200*LOG10(1+1/E2)
```

Mstari wa kwanza unachomoa tarakimu ya mbele, wa pili unapiga vijiti, wa tatu unatoa idadi inayotarajiwa. Angalia kitu kimoja: taarifa iliyonakiliwa kutoka kwenye faili la kuchapishwa mara nyingi huja na nafasi tupu mbele ya tarakimu au alama za ziada, na kompyuta huiona kama maneno. Safisha safu hiyo kwanza, la sivyo utapata makosa, au mbaya zaidi, utapata jibu linaloonekana sawa huku mistari kadhaa imeachwa nje. Jumla ya safu ya F lazima iwe 200. Isipokuwa 200, rudi nyuma.

Tuseme tumepata hivi. Tarakimu 1 imeongoza mara 38, tulipotarajia 60. Tarakimu 2 mara 34, tulitarajia 35. 3 mara 27 badala ya 25. 4 mara 26 badala ya 19. 5 mara 21 badala ya 16, 6 mara 19 badala ya 13, 7 mara 16 badala ya 12, 8 mara 13 badala ya 10, na 9 mara 6 badala ya 9.

Mwanafunzi ataruka na kusema karibu kila mstari umekosea. Mwalimu wangu angemkalisha. Hakuna taarifa halisi inayokaa sawasawa kwenye ngazi. Bahati huisogeza juu na chini, na kuna kipimo cha kujua imesogea kiasi gani kabla hujashtuka. Zidisha idadi ya mapato kwa uwezekano wa tarakimu kutokea, kisha kwa uwezekano wa kutotokea, halafu tafuta kipeuo cha pili. Kwa tarakimu 1 ni 200 mara 0.301 mara 0.699, na kipeuo chake ni karibu 6.5. Maradufu ya hicho ni 13. Kwa hiyo chochote kati ya 47 na 73 ni mawimbi ya kawaida. Sisi tumepata 38, tuko nje. Kwa tarakimu 4, mawimbi yanakwenda kutoka 11 hadi 28, na 26 imo ndani. 5, 6, 7, 8 na 9 zote zimo ndani. Kwa hiyo taarifa hii ina kasoro moja ya kuifuatilia: moja zimepungua. Ziada zilizotapakaa kwenye tarakimu za katikati ni zile nafasi ambazo moja zilipaswa kukaa, zimegawiwa wengine.

Hapo wengi huandika ripoti. Mwalimu wangu alikuwa ndiyo kwanza anavuta kiti karibu. Aligawa taarifa vipande, kwa miezi, kwa siku za wiki, kwa ukubwa wa fedha, akitafuta kasoro imejificha wapi, maana taarifa iliyotungwa yote ni adimu. Kinachotokea zaidi ni taarifa ya kweli iliyotiwa maji sehemu fulani. Katika mfano wetu, miezi minne ya kwanza ina mapato 128, na moja zimeongoza mara 32. Tulitarajia 38 au 39, na mawimbi yanaruhusu kushuka hadi 28. Miezi hiyo haina neno. Miezi miwili ya mwisho, iliyo karibu na siku ya kuomba mkopo, ina mapato 72, na moja zimeongoza mara 6 tu. Tulitarajia karibu 22, na chini ya 14 tayari ni nje. Kasoro yote imelala kwenye miezi miwili.

Sasa ndipo macho yanaposhuka kwenye mistari yenyewe, na tarakimu zimeshamaliza kazi yao ya kuonyesha ukurasa. Tunakokotoa salio upya, mstari kwa mstari, tukijumlisha kilichoingia na kutoa kilichotoka, kuona kama safu ya salio inafuata. Aliyebadilisha kiasi mahali pamoja mara nyingi husahau salio la mistari iliyofuata, au husahau makato yanayopaswa kuandamana na muamala huo. Tunaangalia mikia: kama bei za dukani huishia mia tano au elfu, 64,730 inatoka wapi? Mtunzi hupenda mikia ya namna hiyo kwa sababu ileile iliyomfanya yule wa Arizona kuweka senti. Huiona kuwa na sura ya ukweli. Tunaangalia pia saa na siku, kama mauzo makubwa yaliingia sikukuu duka likiwa limefungwa.

Na tunamwita mwenyewe tumwulize, kwa adabu, kuhusu biashara yake. Kwa maana kuna majibu ya kweli. Pengine miezi hiyo miwili alipata mkandarasi mmoja anayechukua shehena ya kati ya shilingi laki nne na laki saba kila siku, na moja zikakosa nafasi bila mtu kutunga kitu. Pengine aliacha kuuza rejareja. Majibu hayo yana nyayo: kuna ankara, kuna mkandarasi, kuna gari lililobeba. Tarakimu haziwezi kutofautisha mkandarasi na uongo. Zote mbili zinavunja ngazi.

Kuna upande wa pili wa udhaifu huo, nao hunisumbua zaidi: taarifa inaweza kupita kipimo na bado ikawa ya uongo. Aliyekuza mapato yake yote ya kweli kwa kuyazidisha kwa 3 hataonekana kabisa, maana ngazi haibadiliki ukizidisha kila kitu kwa namba moja. Ndiyo sababu hiyohiyo inayoifanya kanuni ifanye kazi sawa kwa shilingi, dola au riali. Na watu wengine wana mkono mzuri. Mwaka 2007 mtafiti Andreas Diekmann alionyesha kwamba watu waliotunga matokeo ya kitakwimu waliweza kuikaribia ngazi vizuri kwenye tarakimu ya kwanza. Walijikwaa kwenye ya pili. Tarakimu ya pili ina ngazi yake, iliyo laini zaidi, ambapo 0 hutokea karibu asilimia 12 na 9 asilimia 8.5. Mteremko ni mdogo, kwa hiyo unahitaji mistari mingi zaidi kuuona, lakini ni vigumu zaidi kwa mkono wa mtu kuuiga.

Ni kwenye tarakimu hiyo ya pili ambapo taarifa za fedha za makampuni makubwa zimewahi kukiri jambo. Charles Carslaw alichunguza faida zilizotangazwa na makampuni ya Nyuzilandi, akachapisha mwaka 1988. Aliona 0 ni nyingi mno kwenye nafasi ya pili, na 9 zimepungua. Maana yake ni rahisi kuiona ukiwa mhasibu mwezi wa kufunga hesabu: faida ikitoka milioni 19.8, kuna mtu atatafuta njia ya kuifikisha milioni 20, kwa sababu 20 inasomeka vizuri kwa wanahisa. Mwaka uliofuata Jacob Thomas aliona mwelekeo huohuo kwa faida za makampuni ya Marekani, na kinyume chake kwa hasara. Hakuna anayependa kutangaza hasara ya 20 akiwa anaweza kutangaza 19.8. Sidhani kama nimewahi kusoma kitu kinachoonyesha vidole vya watu kwenye karatasi kwa uwazi kiasi hicho, bila kumtaja mtu hata mmoja.

Mwalimu wangu alistaafu na daftari zake. Lakini nina nakala ya barua moja aliyoniandikisha, siku tulipopata taarifa yenye umbo kama la mfano wangu. Nilikuwa nimeandika rasimu yenye maneno "udanganyifu" na "kughushi", na nikaweka jedwali la asilimia. Aliyapiga mstari maneno yote mawili, akaondoa jedwali. "Hujaona wizi, mwanangu. Umeona vijiti." Barua iliyokwenda kwa afisa mikopo ilikuwa na sentensi mbili: kwamba mapato ya miezi miwili ya mwisho yana mpangilio usiolingana na ya miezi minne ya kwanza, na kwamba tunaomba taarifa ya kipindi hicho iletwe moja kwa moja kutoka tawini, ikiwa na muhuri, bila kupitia mkononi mwa mwombaji. Chini yake aliorodhesha tarehe tisa za kulinganisha, kwa mwandiko wake, kwa penseli ileile.